Dola elfu moja kwa njia tatu: ulinganisho wa kinachofika baada ya makato na ubadilishaji

Mwezi Machi 2025 mteja wangu wa Ujerumani alinilipa ankara ya dola 1,000 kwa kazi ya kutafsiri nyaraka za bima, na siku tatu baadaye akaunti yangu ya shilingi hapa Mombasa ilionyesha Sh 121,735. Asubuhi ile nilikuwa nimetazama kiwango kinachotangazwa na Benki Kuu ya Kenya, nacho kilikuwa takribani shilingi 129 kwa dola, kwa hiyo moyoni nilikwisha kujihesabia Sh 129,000. Zilipungua Sh 7,265, ambazo kwangu ni karo ya wiki kadhaa. Mteja alinitumia uthibitisho kwamba alilipa dola 1,000 kamili, na ofisa wa benki yangu alishikilia kwamba wao walipokea pungufu. Ilinichukua muda kutambua kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Naandika ulinganisho huu kwa ajili ya yeyote anayelipwa kutoka nje na anayetaka kuchagua njia ya kupokelea fedha zake kwa hesabu badala ya kubahatisha. Nalinganisha njia tatu nilizozitumia mwenyewe: uhamisho wa benki unaoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shilingi, uhamisho wa benki unaoingia kwenye akaunti ya dola, na kampuni ya kutuma fedha inayomlipa mpokeaji kwa shilingi. Ada na viwango nitakavyovitaja ni vile nilivyokutana navyo mimi, nikivifanya namba kamili ili hesabu ifuatike. Vya kwako vitatofautiana, lakini namna ya kuvipanga ni ile ile.

Kabla ya kulinganisha njia, ni lazima tutenganishe hasara mbili ambazo kwenye taarifa ya akaunti huonekana kama moja. Ya kwanza ni ada, yaani fedha zinazokatwa zikiwa bado dola. Ya pili ni pengo la kiwango, yaani tofauti kati ya kiwango cha wastani cha soko na kile ambacho benki imekununulia dola zako. Kiwango kinachotangazwa na Benki Kuu ni cha wastani, katikati ya kununua na kuuza, na hutumika kama kipimo; hakuna dirisha ambalo mtu wa kawaida atauziwa au kununuliwa dola kwa kiwango hicho. Ubao wa benki una safu ya kununua na safu ya kuuza, na maneno hayo husemwa kwa upande wa benki. Wewe unapopokea dola, benki ndiyo inayonunua, basi kiwango kinachokuhusu ni kile cha chini. Tena angalia kama ubao unatofautisha noti na uhamisho, kwa sababu dola za mkononi na dola zilizoingia kwa njia ya benki mara nyingi huwa na bei tofauti.

Katika malipo yangu yale, dola 20 zilikatwa njiani na benki ya kati, kisha benki yangu ikakata dola 10 kwa kupokea, ushuru wa bidhaa ukiwa ndani yake. Zilibaki dola 970. Benki ikazinunua kwa shilingi 125.50, na 970 mara 125.50 ni 121,735. Ukiihesabu hasara kwa kiwango cha wastani, ada za dola 30 zilinigharimu Sh 3,870, na pengo la shilingi 3.50 katika kila dola kati ya zile 970 likanigharimu Sh 3,395. Jumla yake ni 7,265, bila senti iliyopotea pasipo maelezo. Nilikuwa nimezikasirikia ada tu kwa sababu ndizo zenye jina, kumbe karibu nusu ya hasara haikuandikwa popote kama gharama.

Sasa zile dola 20 zilikatwa na nani? SWIFT, mtandao ambao watu husema fedha zimepita humo, hubeba ujumbe tu, haushiki fedha. Fedha zenyewe huhama kati ya akaunti ambazo benki hufunguliana. Benki ya Kenya huweka dola zake katika akaunti iliyoko benki ya Marekani, na benki ya Ujerumani nayo ina akaunti yake huko. Iwapo zote mbili zina akaunti katika benki moja, benki hiyo hutoa huku na kutia kule. Iwapo ziko katika benki tofauti, huingia benki mbili njiani, na kila moja inaweza kukata chake. Hivyo dola inayotoka Ujerumani kuja Mombasa hupita Marekani hata kama mlipaji na mlipwaji hawana uhusiano wowote na nchi hiyo. Wala mteja wangu wala benki yangu hawakuichagua benki iliyokata.

Nani abebe makato hayo huamuliwa na msimbo mmoja ambao mlipaji huuchagua anapojaza fomu. OUR maana yake ni kwamba mlipaji anabeba ada zote. SHA maana yake ni kwamba kila mmoja anabeba za upande wake, na hapo makato ya benki za kati humwangukia mpokeaji. BEN maana yake ni kwamba mpokeaji anabeba zote. Fomu nyingi za benki huja zikiwa tayari zimewekwa SHA, na mlipaji asiyeambiwa chochote huiacha ilivyo. Mteja wangu hakuwa na nia ya kunipunja. Hakujua kwamba kipo kitu cha kuchagua.

Ushahidi wa haya yote umo katika nakala ya ujumbe wa malipo, ambayo mlipaji anaweza kuiomba benki yake na ambayo kwa miaka mingi imeitwa MT103. Hii ndiyo sehemu inayohusika ya ujumbe ulioifikia benki yangu:

```
:32A:250312USD980,
:33B:USD1000,
:71A:SHA
:71F:USD20,
```

Mstari wa 33B ni kiasi ambacho mteja aliamuru kilipwe. Mstari wa 32A ni tarehe na kiasi kilichofika benki ya mwisho. 71A ni ule msimbo wa ada, na 71F ni kile kilichokatwa njiani; benki zikikata mbili, mstari huo hujirudia. Tangu Novemba 2025 benki zilitakiwa ziwe zimehamia muundo mpya wa ujumbe, pacs.008, ambamo kiasi kilichoamriwa huitwa `InstdAmt`, kiasi kilichofika `IntrBkSttlmAmt`, na msimbo wa ada `ChrgBr`, wenye maneno `DEBT`, `SHAR` na `CRED` mahali pa OUR, SHA na BEN. Usishangae ofisa akiendelea kuiita nakala hiyo kwa jina la zamani. Jambo ambalo ujumbe huu hauwezi kukuonyesha ni ada ya benki yako mwenyewe na kiwango ilichotumia; hivyo utavipata katika hati ya kuingiza malipo ambayo benki yako hutoa, na una haki ya kuiomba ikiwa haikutumwa.

Tukirudi kwenye njia zenyewe, ya kwanza, yaani uhamisho wa benki hadi akaunti ya shilingi, ina sifa moja tu, nayo ni kwamba hakuna linalotakiwa kwako. Dola zinapoingia, mfumo huzibadili papo hapo kwa kiwango cha ubaoni cha siku hiyo, bila kukuuliza. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo: unakuwa umeuza kabla ya kujua bei. Nilipompigia ofisa simu kulalamika kuhusu 125.50, alinijibu kwa upole, "Kaka, ungekuwa na akaunti ya dola, tungeongea bei kwanza. Hizi zimeshabadilishwa, sina la kufanya."

Jibu hilo ndilo lililonipeleka kwenye njia ya pili. Katika akaunti ya dola, makato ya njiani na ada ya kupokea hubaki yale yale, na baadhi ya benki hudai salio la chini au ada ya mwezi, ambayo ni lazima uiulize kabla ya kusaini. Lakini dola hukaa dola mpaka uamue kuziuza, na hapo unaweza kupiga simu kwa dawati la fedha za kigeni la benki na kuomba kiwango kilicho bora kuliko cha ubaoni. Mimi nilipewa 127.50 siku ambayo ubao ulisema 125.50. Shilingi mbili kwa dola ni kitu cha maana: dola 970 zile zile zingenipa Sh 123,675, yaani Sh 1,940 zaidi, kwa simu ya dakika nne. Kwa kiasi kidogo sana dawati linaweza kukataa, au kukupa senti chache tu juu ya ubao, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Njia hii ina hatari yake, nayo si ndogo. Anayeweka dola akingoja bei nzuri anakuwa amejifanya mfanyabiashara wa fedha bila kukusudia. Januari 2024 dola moja nchini Kenya ilipita shilingi 160, na watu wengi wakaona ni busara kungoja ifike 170. Mwishoni mwa Machi mwaka huo huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 132. Aliyekuwa na dola 1,000 akangoja aliona karibu Sh 28,000 zikiyeyuka, hasara ambayo hakuna ada ya benki yoyote katika makala haya inayoikaribia. Ushauri wangu ni kuitumia akaunti ya dola ili kupata nafasi ya kuuliza bei, na kuuza ndani ya siku chache, isipokuwa kama una matumizi ya dola zenyewe.

Njia ya tatu, kampuni ya kutuma fedha, haizipitishi fedha za kila mteja katika mnyororo ule wa benki. Kampuni hupokea yuro kule Ulaya katika akaunti yake, kisha hulipa shilingi hapa kutoka katika akaunti yake nyingine, ama kwenye benki ama kwenye M-Pesa. Hakuna benki ya kati ya kukukata dola 20, na mlipaji huoneshwa kabla ya kuthibitisha ni shilingi ngapi zitafika. Ubora wake mkubwa ndio huo. Kampuni niliyoitumia ilitoza sawa na dola 5 na kubadili dola zilizobaki 995 kwa 126.50, zikafika Sh 125,867.50. Vikwazo vyake ni kwamba si kila kampuni hukubali malipo ya ankara za biashara, na M-Pesa ina mpaka: muamala mmoja hauzidi Sh 250,000 na salio la akaunti halizidi Sh 500,000. Kwa malipo makubwa itabidi ziingie benki.

Nimeweka chini viasi vitatu kwa ada na viwango nilivyovitaja. Safu ya OUR inachukulia kwamba mteja amebeba ada za njiani na kwamba zimebaki dola 10 za benki yangu ya kupokea.

| Kiasi kilichotumwa | Kwa wastani wa 129 | Njia ya 1: SHA, shilingi | Njia ya 2: SHA, dola | Njia ya 2: OUR, dola | Njia ya 3: kampuni |
|---|---|---|---|---|---|
| Dola 200 | 25,800 | 21,335 | 21,675 | 24,225 | 24,668 |
| Dola 1,000 | 129,000 | 121,735 | 123,675 | 126,225 | 125,868 |
| Dola 5,000 | 645,000 | 623,735 | 633,675 | 636,225 | 631,868 |

Tazama kwanza mstari wa dola 200. Kwa njia ya kwanza mtu hupoteza zaidi ya asilimia 17 ya jasho lake, na karibu hasara yote ni ada, kwa sababu dola 30 hukatwa vile vile, uwe umetumiwa 200 au 5,000. Kwa hiyo malipo madogo yasipitishwe benki kwa uhamisho wa kimataifa, labda kama hakuna njia nyingine. Hata ile 21,675 ya safu ya nne ni ya kufikirika, maana dawati halitakupa 127.50 kwa dola 170.

Kisha tazama mstari wa mwisho, ambako mambo yanageuka. Kwa dola 5,000 kupitia njia ya kwanza, ada ni Sh 3,870 zile zile, lakini pengo la kiwango limekua hadi Sh 17,395. Hapa kubishania dola 20 za benki ya kati ni kuacha simba ndani ukamfukuza paka mlangoni. Kinachostahili jitihada ni kiwango. Kampuni ya kutuma fedha, iliyoshinda kwa malipo madogo, sasa inashindwa na akaunti ya dola, kwa kuwa haina dawati la kujadiliana nalo na pengo lake la shilingi 2.50 linafuata kila dola.

Njia mbili hizo zinakutana mahali fulani, na mahali hapo panahesabika. Kwa namba zangu, iwapo mteja analipa kwa SHA, akaunti ya dola huanza kuishinda kampuni kuanzia takribani dola 3,190. Akikubali OUR, mpaka huo unashuka hadi takribani dola 640. Tofauti hiyo ilinishangaza nilipoihesabu mara ya kwanza, na ndiyo iliyonifanya niache kuuliza njia ipi ni bora na kuanza kuuliza ankara hii ni ya kiasi gani na mteja huyu amekubali nini. Kama unataka kutafuta mpaka wako, andika kwa kila njia (kiasi toa ada) mara kiwango, linganisha majibu kwa viasi viwili vitatu, na utaona yanapopishana.

Ipo pia hila ya halali inayobadili jedwali lote bila kubadili njia: kuunganisha ankara. Ankara tatu za dola 1,000 zikilipwa mara tatu kwa SHA hukatwa dola 90. Zikilipwa pamoja hukatwa 30, na juu ya hapo unaingia kwenye dawati na dola 2,970 mkononi badala ya 970. Kukusanya dola ndani ya akaunti yako hakuleti faida hiyo ya kwanza, kwa sababu kila malipo yalishakatwa yalipoingia. Inabidi ziungane kabla ya kutumwa.

Kuhusu OUR niongeze tahadhari moja. Si kila benki iliyoko njiani huiheshimu, na katika malipo ya dola nimeona zaidi ya mara moja dola 15 zikikatwa ingawa msimbo ulikuwa OUR. Ikikutokea, mpe mteja nakala ya ujumbe na umwombe benki yake ifuatilie kwa kutumia UETR, ambayo ni namba ya utambulisho yenye herufi 36 inayoambatana na malipo kutoka mwanzo hadi mwisho. Benki yake ilishamtoza ada ya OUR, kwa hiyo madai ni yake, na benki yako ikipigiwa kelele haitaweza kufanya lolote.

Yapo makosa mengine ambayo huleta fedha pungufu bila kujali njia. Moja ni tangazo la kutuma "bila ada". Kampuni nyingine niliyoijaribu haikutoza hata senti, lakini ilibadili kwa 124.50, na dola 1,000 zikafika Sh 124,500, yaani Sh 1,367.50 chini ya ile iliyotoza dola 5. Kigezo cha kulinganisha ni kimoja tu: shilingi zinazofika kwa kiasi kile kile kilichotoka, siku ile ile. Ukitaka asilimia, gawanya shilingi zilizofika kwa dola zilizotumwa, kisha ulinganishe na kiwango cha Benki Kuu; 124,500 kwa 1,000 ni 124.50 dhidi ya 129, sawa na gharama ya asilimia tatu na nusu.

Kosa jingine hutokea kwa mlipaji mwenye nia njema anayechagua shilingi katika fomu ya benki yake, akidhani anakurahisishia. Hapo ubadilishaji unafanyika kule Ujerumani, na benki isiyofanya biashara ya shilingi ya Kenya kila siku hujiwekea pengo kubwa. Kibaya zaidi, shilingi hizo zikielekezwa kwenye akaunti yako ya dola, benki yako itazibadili tena kurudi dola, safari hii kwa kiwango cha kuuza. Vivyo hivyo yuro zinazotumwa kwenye akaunti ya dola hubadilishwa, na mara nyingine hupitia shilingi katikati, hivyo unalipa pengo mara mbili. Sarafu ya ankara, sarafu iliyochaguliwa kwenye fomu na sarafu ya akaunti inayopokea zote ziwe moja.

Siku hizi ankara zangu zina mistari miwili chini ya jumla. Kwa kazi isiyofika dola 600 naandika jina la kampuni ya kutuma fedha na kumwomba mteja anioneshe, kabla hajathibitisha, shilingi zitakazofika. Kwa kazi iliyozidi hapo naandika: "Tafadhali lipa kwa dola, kwenye akaunti ya dola iliyotajwa hapa, kwa msimbo OUR, na unitumie nakala ya ujumbe wa malipo." Yule mteja wa Ujerumani alikubali bila swali. Akataka tu kujua ada ya OUR kwake ni kiasi gani ili aiingize katika bajeti ya mradi, nami nikamshauri aiulize benki yake kabla ya ankara iliyofuata.